Kubana chapta tano hakukupi pepa

Jumatatu nimepokea faili lingine. Kurasa 31, ndani yake chapta tano zilezile za disetesheni, kila moja imekatwa katwa ikawa fupi, na mpaka orodha ya vifupisho ipo. Ujumbe unasema "Madam shkamoo, nimeshabana, naomba uipitie kidogo kesho nitume kwenye jarida." Huyu ni wa nne mwaka huu na wote wanaamini kitu kimoja, kwamba pepa ni disetesheni iliyobanwa. Sasa naandika hapa mara moja ili mwingine akija nimtumie linki, maana kwa kweli nimechoka kuona data nzuri za wauguzi wetu zinarudishwa na mhariri hata kabla hazijafika kwa wapitiaji.

Nitatumia kazi moja niliyoifanya na sista mmoja hapa Moshi, mkunga, ameniruhusu niieleze bila jina lake wala hospitali. Alisoma masta akaandika kuhusu patografu, yaani ile karatasi ya kufuatilia uchungu inajazwaje leba. Malengo mahususi matano: patografu zinajazwa kwa kiwango gani (alipitia mafaili), wakunga wanajua nini (dodoso), mtazamo wao ukoje (dodoso hilohilo), vikwazo ni vipi (mahojiano), na uhusiano wa ujazaji na hali ya mtoto akizaliwa (APGAR). Maneno kama 24,000, majedwali 14. Jarida alilolitaka linapokea maneno 3,500 na majedwali au michoro isiyozidi mitano.

Piga hesabu uone kubana kunafanya nini. 24,000 kwenda 3,500 ni karibu kugawa kwa saba. Mapitio ya maandiko yake yalikuwa maneno 7,000, ukigawa yanabaki 1,000. Matokeo yalikuwa 4,900, ukigawa yanabaki 700. Kwahiyo umetengeneza pepa ambayo sehemu ya watu wengine ni kubwa kuliko ya kwako, afu malengo matano yamegawana maneno 700, kila lengo 140, hapo huwezi kueleza kitu chochote kikaeleweka. Disetesheni inaandikwa kwa mtahini, unamthibitishia kwamba umesoma, unajua mbinu, umefanya kazi mwenyewe. Msomaji wa jarida ni nesi wa mahali pengine ambaye hana shida na masta yako, anataka kujua umeona nini na aamini vipi.

Kwahiyo swali la kwanza halihusu nini kipunguzwe. Swali la kwanza ni matokeo gani moja ungemsimulia mkunga mwenzako mkiwa mnakabidhiana zamu. Nilimuuliza hivyo yule sista, na hakutaja asilimia hata moja. Akasema, "Madam, patografu nyingi zimejazwa baada ya mama kujifungua. Unaona kabisa, wino mmoja, mwandiko mmoja, vidoti vimepangwa kama vimepigwa rula." Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kuandikwa kila nusu saa, na kwenye yale mafaili yameandikwa 140, 140, 140 masaa sita mfululizo. Mtoto aliye hai kwenye uchungu mapigo yake hayakai hivyo. Na kwenye mahojiano wakunga wenyewe walimwambia, usiku uko mwenyewe una akina mama kadhaa, unamsaidia huyu unamkimbilia yule, karatasi unakuja kuijaza asubuhi kabla ya kukabidhi.

Hiyo ndo pepa. Na kwenye disetesheni ilikuwa ukurasa wa 61, aya moja, katikati ya jedwali la 8 na la 9.

Ukishaipata hiyo kukata kunakuwa rahisi maana kila kitu unakipima kwa hiyo. Lengo la kwanza na la nne yamebaki, mafaili yanaonyesha kilichotokea na mahojiano yanaeleza kwanini. Mtazamo umetoka wote. APGAR imetoka pia, na hapa mnisikilize, imetoka kwasababu sampuli haikukokotolewa kwa swali hilo, na zaidi ya hapo, kama patografu imejazwa baada ya mtoto kuzaliwa na unajua alivyozaliwa, utasemaje ujazaji ndo umesababisha hali ya mtoto? Hilo lengo lilikuwa na kasoro tangu proposo, na siyo la kwenda kuwa pepa ya pili. Ambacho hakifai kwenye pepa ya kwanza hakifai tu, kukihamisha hakukitengenezi.

Lengo la maarifa ndo lilinisumbua na mpaka leo sina uhakika nilifanya sawa. Wakunga walijua vizuri. Sasa ukilitoa lote msomaji atasema "si mkawape semina", wakati data yako mwenyewe inaonyesha kujua siyo tatizo. Ukiliweka lote unarudi kwenye malengo matano. Tuliliacha kama sentensi mbili kwenye matokeo na tukasema wazi kwenye mbinu kwamba hii ni sehemu ya utafiti mkubwa zaidi. Hilo la kusema wazi halina mjadala. Unaruhusiwa kuchagua swali, huruhusiwi kuficha matokeo yanayopingana na hadithi yako.

Mbinu nazipitia haraka. Fomula ya sampuli haihitaji ukurasa na nusu pamoja na historia ya aliyeitunga. Kama ulitumia hii:

```
n = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.05² = 384.16
```

andika sentensi moja, kwamba ulikadiria uwiano wa 50%, kosa la 5%, uhakika wa 95%, ukapata angalau mafaili 385. Basi. Maana ya utafiti wa kimaelezo toa, maana ya kuaminika na uhalali wa dodoso toa, andika ulichofanya. Na angalia vitenzi, nakutana na "data zitakusanywa" kwenye pepa ya utafiti ulioisha miaka miwili nyuma, hiyo ni proposo imeruka mpaka kwenye disetesheni ikaruka tena mpaka hapa. Kibali cha maadili weka namba yake. Fungua cheklisti ya STROBE, ina vipengele 22, kwa ile sehemu ya mafaili, na COREQ yenye 32 kwa mahojiano, uone umesahau nini kabla mpitiaji hajakuonyesha.

Eneo la utafiti nalo. Sista alikuwa ameandika kurasa mbili za mkoa wa Kilimanjaro, wilaya zake zote, mpaka na Kenya, kahawa na ndizi, mlima mita 5,895. Naupenda mlima wetu, asubuhi ukifunguka naweza kusimama barabarani niutazame tu, lakini hausaidii kueleza kwanini patografu haikujazwa saa nane usiku. Kinachosaidia ni hospitali ni ya ngazi gani, inazalisha akina mama wangapi kwa mwezi, zamu ya usiku ina wakunga wangapi, na patografu inakaa wapi, kitandani kwa mama au kwenye meza ya manesi. Hicho cha mwisho hakikuwepo popote kwenye kurasa 96! Ilibidi tukiongeze. Watu wanasahau hilo, kuna vitu disetesheni haina na pepa inavihitaji.

Sasa mjadala. Hapa ndo naombaga watu wanisamehe nikipandisha sauti. Chapta ya mjadala kwenye disetesheni zetu imekuwa nyimbo moja: utafiti huu umebaini hivi, inafanana na utafiti wa Ethiopia, inatofautiana na utafiti wa Uganda, tofauti inaweza kuwa imesababishwa na ukubwa wa sampuli. Afu matokeo yanayofuata, wimbo uleule, mara kumi na mbili. Mtu akibana anaimba mara sita. Kufanana na kutofautiana peke yake hakusemi kitu. Kama wenzako walipata ujazaji mzuri kuliko wako nenda kasome walipimaje. Mara nyingi utakuta wao walihesabu patografu imejazwa ikiwa na alama kwenye mstari, bila kuuliza alama iliwekwa saa ngapi. Hapo sasa una la kusema, kwamba kuhesabu vidoti kunaweza kuonyesha leba nzuri ambayo haipo, na hiyo ni hoja yako, imetoka kwenye mafaili uliyoyashika kwa mkono.

Sista tulimfanyia hivi: aya ya kwanza ya mjadala inasema jambo kuu kwa sentensi tatu bila kumtaja mtu mwingine yeyote. Aya mbili kuhusu kipimo chenyewe. Aya mbili kuhusu zamu ya usiku. Aya moja ya mapungufu, na kubwa lao ni kwamba "wino mmoja, mwandiko mmoja" ni dalili tu, mkunga mmoja anaweza kumfuatilia mama zamu nzima kwa kalamu moja na akawa amejaza kwa wakati. Tuliliandika hivyohivyo, ndo maana tuliegemea pia yale mapigo yasiyobadilika na maneno ya wakunga wenyewe. Mapendekezo yalikuwa tisa, kwa wizara, kwa hospitali, kwa vyuo, kwa jamii. Likabaki moja, la kuhamishia patografu kitandani kwa mama, kwasababu ndo pekee lililotoka kwenye data.

Mapitio ya maandiko hayabanwi, yanafutwa. Maandiko machache unayoyahitaji yanaingia kwenye utangulizi wa maneno 400 hivi, mengine kwenye mjadala. Kielelezo cha dhana kimetoka, ingawa kuna majarida ya uuguzi yanayotaka nadharia ionekane, soma maelekezo yao kwanza.

Na usikate ndani ya faili la disetesheni, utaonea huruma kila aya. Fungua faili tupu. Anza na majedwali (yeye tulimwachia matatu kati ya 14), afu matokeo, mbinu, mjadala, utangulizi, ikisiri mwisho kabisa. Maneno usirudie yaliyomo kwenye jedwali, sema jedwali linaonyesha nini. Majina ya waandishi mkubaliane na suparvaiza kabla hujaandika, siyo siku ya kutuma, na kwenye barua kwa mhariri sema kazi imetokana na disetesheni iliyopo kwenye hazina ya chuo.

Ilichukua wiki saba. Wapitiaji walikuwa wawili, mmoja hakuwa na tatizo na tulichokata, wa pili aliandika: "Maarifa ya wakunga yalipimwaje? Sentensi mbili hazitoshi." Tukarudisha aya moja na jedwali dogo la maarifa, yakawa majedwali manne.