Mdudu ameshaonekana kwenye damu, mgongoni wanatafuta nini?

Daktari, kaka yangu ni mlina asali huku Urambo. Alirudi kutoka porini na homa, akapimwa malaria mara mbili akaambiwa hana. Wiki ya tatu wakampima damu kwa darubini wakasema ana malale. Sasa wanataka kumchoma sindano mgongoni wachukue maji. Kama mdudu ameshaonekana kwenye damu, mgongoni wanatafuta nini?

Damu imewaambia kwamba vimelea vimo mwilini. Haijawaambia vimefika wapi, na dawa atakayopewa inategemea hilo.

Mbung'o, ambaye wengine mnamwita ndorobo, anapouma huacha vimelea vinavyoitwa tripanosoma chini ya ngozi. Baada ya siku chache pale alipouma huweza kutokea uvimbe mgumu wenye maumivu, kama jipu linaloanza. Muulize kaka yako, huenda anaukumbuka. Kutoka hapo vimelea huingia kwenye damu na tezi, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza: homa, kichwa, viungo kuuma, kuwashwa. Homa yake huja na kuondoka, kwa sababu kila mwili unapojifunza kuvitambua vimelea na kuviua, vichache huwa vimeshabadilisha ganda lao la nje. Hivyo mwili hauvijui, basi vinazaana upya na homa inarudi.

Hatua ya pili huanza vinapopenya kwenye ubongo na maji yanayouzunguka. Hapo ndipo mtu anasinzia mchana huku usiku anakesha, anabadilika tabia, anachanganyikiwa, anayumba akitembea. Kwa malale ya huku kwetu, aina ya rodesiense, safari hiyo huchukua wiki au miezi michache tu. Aina ya gambiense, iliyoko Kongo na kaskazini magharibi mwa Uganda, inaweza kuchukua hata miaka.

Shida ni kwamba mtu anaweza kuwa ameingia hatua ya pili na bado anaongea vizuri kabisa. Kwa kumtazama tu usingejua. Suramini, dawa ya zamani ya hatua ya kwanza, husafisha damu lakini haiingii vya kutosha kwenye ubongo. Ukimpa suramini peke yake mtu wa hatua ya pili, homa itashuka, ndugu watashangilia, na vimelea vilivyojificha kichwani vitaendelea na kazi yao. Dawa ya hatua ya pili, melasoproli, inafika kwenye ubongo, ila ina aseniki ndani yake. Kati ya wagonjwa 100 wanaopewa, 5 hadi 10 hupata madhara makali ya ubongo, na karibu nusu ya hao hufa. Hiyo huwezi kumpa mtu kwa kubahatisha.

Mbona vipimo viwili vya malaria havikuona kitu?

Kipimo cha haraka cha kidole hutafuta alama za malaria tu. Tripanosoma wakijaa kwenye tone hilohilo la damu, chenyewe hakina habari. Zamani, kila homa ilipokuwa inaangaliwa kwa darubini, wagonjwa wengi wa malale walikutwa kwa bahati, fundi wa maabara akitafuta malaria. Na kwa aina hii ya kwetu hakuna kipimo cha haraka cha malale. Vilivyopo ni vya gambiense.

Kwa hiyo lazima mtu akae aangalie. Tone bichi la damu huwekwa kwenye kioo, likafunikwa, likaangaliwa hapohapo vimelea vikiwa hai. Mara nyingi kimelea chenyewe sicho unachokiona kwanza. Unaona chembe nyekundu zinasukumwasukumwa, kama nyasi zinavyotikisika panya akipita chini yake, ndipo unamwona mwenyewe akijinyonganyonga. Vikiwa vichache, damu huwekwa kwenye mirija myembamba ikazungushwa kwenye mashine, halafu unaangalia pale majimaji yanapokutana na chembe nyekundu, maana vimelea hujikusanya hapo pamoja na chembe nyeupe.

Kwa kuwa vimelea hupanda na kushuka, damu safi ya leo haimwondolei mtu shaka. Hurudiwa kesho na keshokutwa. Na hata kama angekutwa na malaria, isingemaanisha hana malale. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Mama anakataa. Anasema waliochomwa mgongo hupooza.

Hofu hiyo naikuta sana. Mwambie mama hivi: uti wenyewe, ile kamba ya mishipa ya fahamu, huishia karibu na usawa wa mbavu za chini. Sindano inaingia chini zaidi, kiunoni, ambako kuna maji na nyuzi za mishipa zinazoelea na kusogea sindano inapopita. Mgonjwa hulala ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa kifuani, anachomwa ganzi, kisha maji yanadondoka yenyewe tone kwa tone. Kuumwa kichwa siku moja mbili baadaye ni kawaida.

Ninachokiogopa mimi ni maji kuchelewa. Tripanosoma hawadumu kwenye maji hayo yakishatolewa. Ndani ya dakika kumi na kitu huanza kupasuka. Chupa ikikaa dirishani ikisubiri fundi amalize chai, anaweza asione kitu. Kwa bahati nzuri huhesabiwa pia chembe nyeupe: zikizidi 5 kwa kila mikrolita, au kikionekana kimelea hata kimoja, hiyo ni hatua ya pili. Na maji yakitoka na damu, hesabu inaharibika, kwa kuwa chembe za damu, na pengine vimelea vyake, vimechanganyika humo. Hapo wakisema warudie baadaye, msigombane nao.

Kuna mtu kasema siku hizi kuna vidonge, sindano ya mgongo imepitwa na wakati. Ni kweli?

Kwa sehemu kubwa ni kweli, na ni jambo la kuuliza. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli kwa malale ya rodesiense, hatua zote mbili, kwa mwenye umri kuanzia miaka 6 na uzito kuanzia kilo 20. Ni vidonge vya siku 10, vinavyomezwa na chakula, mhudumu akishuhudia. Tumbo likiwa tupu dawa haiingii mwilini vizuri, kwa hiyo asimeze kabla ya ugali.

Mtu mzima kama kaka yako akiipata, hatua haibadilishi tena dawa, na sindano ya mgongo inaweza isihitajike. Inahitajika pale dawa haipo, au ini lake haliruhusu, au daktari anashuku homa ya uti wa mgongo. Muulizeni daktari wake moja kwa moja: feksinidazoli ipo? Isipokuwepo, inaweza kuagizwa? Lakini msikae nyumbani kuisubiri. Malale haya yasipotibiwa huua ndani ya miezi.

Mwanawe wa miaka minne alikuwa naye kambini, na juzi ameanza homa.

Mpelekeni leo, na mseme neno malale mapokezini kabla hajachomwa kidole cha malaria. Elezeni alikotoka na kwamba baba yake amekutwa nayo, ili damu yake ifike kwenye darubini. Kwa umri wake vidonge hivyo havijaruhusiwa, kwa hiyo bado ni suramini au melasoproli. Damu yake ikikutwa na vimelea, kwake sindano ya mgongo haina mbadala.