Kujifungua wakati wa mitihani si sapu

“Natarajia kujifungua katikati ya mitihani ya mwisho wa muhula. Si ndiyo nimeshapata sapu?”

Hapana. Sapu ni mtihani wa marudio wa aliyefanya mtihani akafeli. Asiyefanya kwa sababu iliyokubaliwa hupangiwa mtihani maalumu, yaani speshali, na huo huhesabiwa kuwa mtihani wake wa kwanza. Watu huchanganya kwa sababu vyuo vingi Tanzania huvifanya vyote viwili kipindi kimoja, mara nyingi chumba kimoja na karatasi ileile.

Tofauti iko kwenye matokeo. Tuseme una 27 kati ya 40 za kozwaki, yaani kazi na majaribio ya muhula, na kwenye speshali ukapata 41 kati ya 60. Jumla ni 68, na unapewa gredi ya 68. Aliyekaa jirani yako kwa sapu, hata akifanya vizuri kuliko wewe, kwa kawaida huandikiwa C.

Ila speshali haiji yenyewe. Barua ya kuahirisha, pamoja na cheti cha daktari chenye tarehe ya matarajio, ipite idarani mapema, nawe usubiri jibu la maandishi. Kumwambia mhadhiri kwa mdomo hakutoshi: usipoonekana bila ruhusa, unaandikwa mtoro wa mtihani. Kosa jingine ni kujikaza ukaingia na uchungu, ukaandika maswali mawili na kutoka. Ukishaketi, alama hizo kwa kawaida ni zako, na hapo sapu inakuja kweli.