"Nitumie vijana wawili wanaojua kuchomelea": dhana potofu za wenye karakana

Ujumbe unaoingia kwenye simu yangu muhula baada ya muhula ni ule ule: "Mwalimu, nitumie vijana wawili wanaojua kuchomelea, waanze Jumatatu." Mimi ni mwalimu wa ufundi chuma hapa Busia, upande wa Uganda, na kazi ya kuwatafutia vijana wetu karakana imeniangukia mimi. Ninawapeleka. Siku chache tu zinapita, simu inalia: "Mwalimu, hawa watoto wako hawajui kitu." Nimechoka kulijibu hilo mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nalijibu kwa wote.

Dhana: Anayejua kuchomelea anajua kuchomelea, basi. Shule haihitaji kuambiwa zaidi.

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, na ndiyo inayomrudisha kijana nyumbani kabla hajalipwa hata mara moja.

Tazama anachofanya mwanafunzi darasani kwetu. Anapewa vipande viwili vya bamba la milimita 6, vimelazwa juu ya meza. Kijiti chake ni cha milimita 3.2, na mashine ni inveta yenye kitufe na namba. Anaiweka kwenye ampea 110 au 120 na kuanza. Chuma kinene kinameza joto. Hata mkono ukichelewa kidogo, mshono unavimba tu, hautoboki. Tunamfundisha hivyo kwa sababu bamba nene linamsamehe anayejifunza, na mshono wake ni rahisi kuukata na kuukagua ndani.

Sasa mpeleke kwenye karakana ya milango. Anakuta skwea tyubu ya 40 kwa 40, ambayo dukani imeuzwa kama milimita 1.2, nawe ukiipima kwa kaliba unaweza kukuta 1.0. Kiungo kimesimama wima. Mashine ni ya kienyeji, ya waya wa kusukwa. Haina namba, ina matundu matatu ya kuchomeka kebo, na jioni umeme ukishuka nayo inalegea. Juu ya meza kuna vijiti vya 3.2 kwa sababu ndivyo vilivyobaki. Kijana anawasha moto kama alivyozoea, na bomba linatoboka palepale. Akiona tundu, anafanya kosa ambalo kila anayejifunza hulifanya: anang'ang'ania hapohapo akitaka kuliziba, joto linazidi, tundu linakuwa la kupitisha kidole. Mwenye karakana anatazama bomba la mteja likiharibika, anapiga simu shuleni.

Je, kijana hajui kuchomelea? Anajua. Ila hajawahi kuchomelea chuma chembamba, na hakuna aliyeniambia kwamba huko anakoenda hakuna kingine. Kwa bomba la namna hiyo anatakiwa ashike kijiti cha 2.5, E6013 cha kawaida, ashushe mashine hadi ampea 55 au 65, kisha apige nukta fupi: moja, asubiri wekundu ufifie, ya pili aipandishe nusu juu ya ile ya kwanza. Tundu likitokea anaacha, anasubiri chuma kipoe, halafu anaanzia ukingoni kuelekea katikati. Aliyekwisha kuzoea kushikilia moto bila mkono kutetemeka hujifunza hayo kwa siku chache, mradi siku hizo azitumie kwenye mabaki, si kwenye mlango wa mteja. Ujumbe wako ukinifikia mapema, siku hizo anazimalizia kwangu na kwa chuma changu. Sielewi kwa nini mtu akatae ofa ya namna hiyo.

Nikupe mfano. Jirani yetu mmoja mwenye karakana, mtengeneza milango na madirisha, alirudisha vijana wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa kosa lile lile la kutoboa. Mara ya tatu nilimwendea mwenyewe. Nikamwomba asiniambie anataka fundi wa namna gani, anitajie tu kazi alizofanya mwezi uliopita. Akazitaja: milango, fremu za madirisha, geti moja. Unene wa chuma? Hakuwahi kuufikiria. Tukachukua kaliba, tukapima. Nani angemsimamia kijana? Fundi wake mkuu, ila huyo hutoka kwenda kufunga kazi kwa wateja siku tatu kwa wiki. Kumbe siku hizo tatu kijana alikuwa anaachiwa mashine peke yake! Tuliandika ujumbe upya pale pale, kwenye simu yake:

"Shikamoo Mwalimu. Natafuta mwanagenzi mmoja wa kuajiri, aliyemaliza mafunzo, mwenye miaka 18 au zaidi. Kazi yetu ni milango na madirisha ya skwea tyubu ya 40 kwa 40, unene 1.2, na bamba la 1.2. Mashine ni ya kienyeji, haina namba. Tunatumia vijiti vya 2.5. Mwezi wa kwanza atakata, atasaga kwa grainda, atashikiza fremu kwa nukta na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Mshono kamili atauanzia kwenye mabaki. Fundi mkuu yupo karakana Jumatatu, Jumanne na Ijumaa, na siku nyingine atakwenda naye kwa wateja. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Shilingi 8,000 kwa siku na chakula cha mchana, tutaongea upya baada ya miezi mitatu. Ngao ya uso na glavu ninazo. Naomba nije na kipande cha bomba letu, vijana wakiunge nikiona."

Ujumbe huo haukuwa na lugha ya ofisi wala muhuri, lakini baada ya kuusoma nilijua nimpeleke nani. Sikumpeleka aliyeongoza mtihani. Nilimpeleka binti mmoja mwenye subira ya mkono, ambaye mishono yake kwenye bamba nene ilikuwa ya kawaida tu.

Ile sentensi ya mwisho ndiyo ninayowasisitizia watu mpaka wananicheka. Njoo na kipande chako. Sentimita 30 za bomba unalolitumia kila siku zitakueleza zaidi ya cheti na zaidi ya maneno yangu. Mpe kijana vipande viwili, mwambie aviunge kona, kisha tazama mambo mawili. La kwanza, je, anauliza unene au anajaribisha moto kwenye kipande kingine kabla ya kugusa kazi yenyewe? La pili, akitoboa, anaacha au anang'ang'ania? Usimkatae kwa sababu ametoboa. Mkatae akitoboa matundu matatu mfululizo bila kubadilisha kitu chochote.

Ukiwa na muda, mpe na fremu. Mwambie apange fremu ya mlango ya sentimita 90 kwa 210 na aishikize kwa nukta kwenye kona nne. Kijana aliyefundishwa vizuri atavuta futi kutoka kona hadi kona, pande zote mbili, na atatafuta 228.5 au karibu sana na hapo. Vipimo viwili visipolingana, fremu imelala upande. Ataigonga mpaka vilingane, ndipo achomelee, tena kwa kurukaruka kona na si kumaliza moja kwanza, kwa maana joto likikaa upande mmoja linavuta fremu nzima. Hili tunalifundisha shuleni na vijana wengi wanaliweza. Wenye karakana hawaliulizi, ilhali mlango uliopinda unawagharimu kuliko mshono wenye sura mbaya.

Dhana: Mwanagenzi halipwi, malipo yake ni ujuzi.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, inapomweleza mwajiriwa ni nani, inamtaja waziwazi pia aliyeingia mkataba wa uanagenzi. Tena mkataba unaweza kuwa wa mdomo, kwa hiyo kutoandika chochote hakukuondoi kwenye sheria. Malipo madogo ya mwanzo hatuyagombi. Sote tunajua anayejifunza anaharibu vijiti. Ila ujumbe usiotaja malipo naujibu mwisho kabisa, baada ya mingine yote. Sioni haya kusema hivyo.

Dhana: Mwanafunzi wa mazoezi na mwanagenzi wa kuajiriwa ni kitu kimoja.

Mwanafunzi wa mazoezi bado ni wetu. Anakuja kwa wiki zilizopangwa, ana kitabu cha kujaza kila siku nawe unakitia sahihi, na muda ukiisha anarudi darasani hata kama geti lako limefika nusu. Mwanagenzi unayemwajiri amekwisha maliza, au hakupita kwetu kabisa. Andika mstari mmoja tu useme unamtaka yupi. Ugomvi mwingi wa "mmeniibia kijana wangu" unaanzia hapo.

Dhana: Mdogo ndiye anayefundishika, hata wa miaka kumi na tano.

Sheria ile ile inakataza aliye chini ya miaka 18 kuwekwa kwenye kazi ya hatari. Karakana yenye grainda inayozunguka na moto wa umeme ni kazi ya hatari, hatuhitaji kubishana. Usiniombe.

Dhana: Miwani nyeusi ya jua inatosha.

Haitoshi. Miwani ya jua inapunguza mwanga unaouona, lakini haizuii vya kutosha mionzi inayounguza macho, na ngozi ya uso inabaki wazi. Maumivu huchelewa: mchana kijana yuko salama, usiku anaamka macho yanakwaruza kama yametiwa mchanga, na mtu anamletea maziwa ayadondoshee, jambo linaloweza kuongeza maambukizi. Anachohitaji ni ngao yenye kioo cha namba 10 au 11, na miwani mingine myeupe ya kusagia. Ukiandika kwenye ujumbe kwamba vitu hivyo unavyo, umenipunguzia safari ya kuja kukagua.

Dhana: Asiye na cheti cha shule hafai kuombwa kupitia shule.

Tuulize hata kuhusu huyo. Wapo vijana waliojifunzia Katwe au hapa hapa mjini, wakaja kwetu kufanyiwa tathmini ya vitendo ya Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, wakathibitishwa kwa stadi walizonazo. Kwa chuma chembamba na mashine ya kienyeji, wengine wao wanawashinda wanafunzi wangu mbali sana.

Kuhusu muda: ujumbe wa Ijumaa kwa ajili ya Jumatatu utakuletea yeyote aliye karibu na simu. Nipe wiki tatu, na usiniandikie katika wiki za mitihani, maana wakati huo karakana yetu yenyewe imejaa na sina mashine ya kumpa kijana afanyie mazoezi kwenye bomba lako. Na uandike kwa mwalimu wa fani moja kwa moja, kwa Wasapu, pamoja na picha mbili za kazi zako. Ukipitia ofisi ya mkuu nitaupata, lakini bila picha.