Kifuko kidogo humwagia kikubwa: dhana potofu kuhusu vifuko vya hewa vya mapafu

Dhana: Kifuko kikubwa kina hewa nyingi, kwa hiyo ndicho chenye mgandamizo mkubwa, na hewa itatoka humo kwenda kwenye kidogo.

Ni kinyume chake. Wingi wa hewa na mgandamizo wa hewa ni mambo mawili tofauti, na hapa ndipo wanafunzi wengi wa uuguzi na udaktari hukwama.

Ukuta wa kifuko cha hewa umelowa kwa ndani. Utando huo mwembamba wa maji hujivuta ili upunguze eneo lake, na kwa kujivuta hukibana kifuko. Chukulia kifuko ni tufe, kisha likate katikati kwa mawazo. Hewa iliyomo inasukuma nusu hizo mbili ziachane, kwa nguvu ambayo ni mgandamizo mara eneo la duara la mkato: P × πr². Kinachozishika zisiachane ni mvutano wa maji kwenye mzingo wa duara hilo: T × 2πr. Nguvu hizo zikilingana unapata:

P = 2T/r

Sasa punguza nusu kipenyo kwa nusu. Mzingo unabaki nusu ya ulivyokuwa, lakini eneo la duara linabaki robo tu. Nguvu ya kubana imepungua mara mbili na sehemu ya kuisukumia hewa imepungua mara nne, hivyo hewa inalazimika kuwa na mgandamizo mara mbili ili kifuko kisinywee.

Tuweke tarakimu. Majimaji ya mwili yasiyo na safaktanti, yaani dutu ambayo mapafu huitengeneza ili kushusha mvutano huo, yana mvutano wa karibu milinyutoni 50 kwa mita. Kifuko chenye nusu kipenyo cha mikromita 100 kitahitaji paskali 1,000, sawa na kina cha sentimita 10 hivi za maji. Jirani yake mwenye mikromita 50 atahitaji paskali 2,000. Viunganishe kwa njia moja ya hewa: hewa itatoka kwenye paskali 2,000 kwenda kwenye 1,000. Kidogo kinasinyaa, na kadiri kinavyosinyaa mgandamizo wake unazidi kupanda, ilhali wa kikubwa unashuka kwa sababu kinatanuka. Tofauti ndogo ya mwanzo hujikuza yenyewe.

Asiyeamini ajaribu kwa povu la sabuni. Unganisha mirija mitatu ya soda kwa gundi ya karatasi iwe kama herufi T, pasivuje hata kidogo. Chovya ncha mbili kwenye maji ya sabuni, bana mrija mmoja kwa vidole, puliza povu la upana wa sentimita 4 kwenye ule mwingine, ubane huo, kisha puliza la sentimita 2 kwenye wa kwanza. Ziba mrija wa mdomoni, achia yote miwili. Dogo linanywea, kubwa linavimba. Dodoma kuna kikwazo kimoja: maji ya visima vingi yana chumvichumvi, na sabuni ya mche humo hutoa mabonge badala ya povu. Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo pamoja na maji ya mvua au ya chupa, na uongeze gliserini kidogo ili povu lisipasuke haraka.

Litazame lile dogo mwishoni. Halipotei lote, hubaki kama mfuniko mpana kwenye ncha ya mrija, na mpindo wa mfuniko huo una nusu kipenyo sawa na cha povu kubwa. Migandamizo imelingana, hewa imetulia. (Povu la sabuni lina nyuso mbili, ya ndani na ya nje, kwa hiyo kanuni yake ni 4T/r. Mwelekeo wa hewa haubadiliki.)

Dhana: Safaktanti inafanya kazi kama sabuni. Ikishapunguza mvutano, tatizo limekwisha.

Hili ndilo kosa kubwa zaidi, na limo hata kwenye madondoo mengi ya kujisomea. Tuseme safaktanti ingeshusha mvutano hadi 25 kila mahali. Kifuko kikubwa kingekuwa na paskali 500, kidogo 1,000. Kazi ya kuvuta pumzi ingepungua, ndiyo, lakini kidogo bado kingemwagia kikubwa. Povu la sabuni la hapo juu limekwisha kutuonyesha hivyo: sabuni imo, na bado dogo limenywea.

Safaktanti huzidi sabuni kwa kuwa mvutano wake hubadilika kadiri eneo linavyobadilika. Molekuli zake, nyingi zikiwa za mafuta aina ya fosfolipidi, hukaa juu ya maji na haziondoki kirahisi zinapobanwa. Kifuko kikisinyaa hadi nusu ya nusu kipenyo chake, uso wake unabaki robo, na molekuli zilezile zinasongamana. Zikisongamana sana, mvutano unaweza kushuka chini ya milinyutoni 5 kwa mita. Piga hesabu upya: kikubwa kina 25, hivyo paskali 500, kidogo kina 5, hivyo paskali 200. Mwelekeo umegeuka! Hewa sasa inarudi kwenye kidogo, kinatanuka, molekuli zinaachana, mvutano unapanda, mpaka T/r ya vyote viwili ilingane. Katika pumzi ya kawaida eneo halibadiliki kwa kiasi kikubwa hivi. Nimelikuza ili hesabu ionekane.

Dhana: Dodoma iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo vifuko husinyaa kwa urahisi zaidi kuliko Dar es Salaam.

Hapana. Ni kweli kwamba kwenye mita 1,100 hivi mgandamizo wa anga ni mdogo kuliko pwani. Lakini P kwenye kanuni ni tofauti kati ya ndani na nje ya utando, na anga huingia pande zote mbili.

Dhana: Bila safaktanti, hewa yote ya pafu ingeishia kwenye kifuko kimoja kikubwa.

Kanuni inahesabu matufe yanayojitegemea. Vifuko halisi vina pembe, na vinashirikiana kuta zenye nyuzi za kunyumbuka. Kimoja kikianza kusinyaa, majirani wanauvuta ukuta wake. Kwa hiyo pafu halimwagiki lote. Hutokea maeneo yaliyosinyaa kando ya maeneo yaliyovimba kupita kiasi.

Ndivyo ilivyo kwa mtoto njiti ambaye mapafu yake hayajatengeneza safaktanti ya kutosha. Kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, na anaguna kila anapoitoa, kwa kuwa anabana koo ili hewa isitoke yote.

Dhana: Hewa inayosukumwa puani mwa njiti inasawazisha mgandamizo wa vifuko vidogo na vikubwa.

Ile mashine ambayo bomba lake la mwisho limezamishwa kwenye chupa ya maji, mara nyingi kwa kina cha sentimita 5 hadi 8, huongeza mgandamizo uleule kwa vifuko vyote. Tofauti kati ya kidogo na kikubwa inabaki palepale. Faida yake ni kwamba mwisho wa kutoa pumzi kifuko hakifiki kwenye nusu kipenyo kidogo, ambako 2T/r hupanda sana na kukifungua tena kunahitaji nguvu nyingi. Ukizidisha kina cha bomba kwa kudhani utavifungua vilivyokwisha kusinyaa, vinavyotanuka zaidi ni vile ambavyo tayari ni vikubwa, na hivyo ndivyo huweza kupasuka. Safaktanti inayowekwa moja kwa moja kwenye njia ya hewa hufanya kisichowezwa na chupa: hubadilisha T yenyewe, na huishusha zaidi pale ambapo r ni ndogo.