Ngeli ndiyo inayoua kichekesho, si utamaduni

Kila utani wa Kiingereza ukidoda kwenye manukuu ya video, utasikia: "Utamaduni wetu ni tofauti." Jamani! Mara nyingi utamaduni haumo kabisa. Siri imevujishwa na upatanisho wa kisarufi, tena sentensi nzima kabla ya wakati wake.

Chukua wanawake wawili wanaongea. Wa kwanza anamlalamikia mumewe. Wa pili, kwa Kiingereza, anajibu kwamba wake ni mbaya zaidi: anakohoa kila asubuhi na anakunywa kupita kiasi. Anashauriwa aachane naye. Anashangaa: aachane naye wakati ndiyo kwanza amenunua matairi mapya manne? Kumbe ni gari.

Kiingereza kinaweza kuficha hilo, kwa sababu kimilikishi chake hakisemi kinamilikiwa nini. Sisi tukiandika "langu linakohoa", mume ameshatoka kwenye picha na hakuna wa kumcheka. Tukiandika "wangu anakohoa", tumemdanganya mtazamaji, naye atadhani mfasiri ndiye aliyekosea ngeli.

Dawa ni kukimbia viambishi. Kiswahili kina mlango wa nyuma: kitenzi-jina, ambacho watu hukitumia sana wanapolalamika.

– Afadhali wewe. Kila asubuhi kukohoa tu. Na kunywa? Usiseme!
– Si uachane naye?
– Baada ya kununua matairi?

"Naye" hapo ni halali, maana anayesema ndiye aliyeelewa vibaya. Na "mapya manne" nimeyatupa makusudi. Kwetu kivumishi hufuata nomino, kwa hiyo ukiyabakiza, neno la kuchekesha linakaa katikati na sentensi inaishia kwenye hesabu ya matairi.

Muda sasa. Kwa kasi ya herufi 17 kwa sekunde, jibu la mwisho, lenye herufi 25 pamoja na nafasi, linahitaji sekunde moja na nusu hivi. Lipe skrini yake peke yake, liingie mwigizaji anapofungua mdomo. Usilipange chini ya "Si uachane naye?" eti kuokoa nafasi. Jicho husoma mbele ya sikio: watu watacheka swali likiwa bado linaulizwa, kisha jibu litawakuta kimya. Kama kicheko cha ukumbini kimerekodiwa kwenye video, neno "matairi" lazima liwe limesomwa kabla hakijaanza.

Kwenye kuingiza sauti sina uhakika kiasi hicho. "Kukohoa tu" kwa maandishi hupita vizuri, lakini kwa sauti msikilizaji makini anaweza kujiuliza mbona huyu mama hamtaji mtenda. Mwigizaji akiisema harakaharaka kwa kuchoka, hupita. Akiitamka kwa kituo, ameshachoma. Na utani ukihitaji viambishi vitatu au vinne vifichwe mfululizo, mimi hubadilisha kitu chenyewe: badala ya gari, naweka mnyama, maana mnyama huchukua "a-" kama mtu. Ila picha ikishaonyesha gari, mlango huo nao umefungwa.