Kwa nini hundi yako imerudishwa kwa saini, na namna ya kubadili kielelezo bila kuacha hundi njiani

Malalamiko ya hundi kurudishwa kwa sababu ya "saini haifanani" yamekuwa mengi, na kwa kawaida huanza na sentensi ileile: "Lakini fedha zimo." Ndiyo, zimo. Salio na saini ni vitu viwili vinavyokaguliwa mbalimbali, na salio likiwa kubwa kiasi gani haliwezi kuiponya saini yenye mashaka. Hundi ni agizo la maandishi kutoka kwako kwenda kwa benki, na saini ndiyo inayothibitisha kwamba agizo ni lako. Ikiwa saini ni ya kughushi, hakuna agizo. Benki iliyolipa haiwezi kukukata fedha hizo, hata kama ilidanganywa kwa ustadi mkubwa. Isipokuwa wewe mwenyewe ulijua kuna mtu anaghushi ukanyamaza, au ulisababisha kosa hilo. Kwa hiyo karani anaporudisha hundi yenye saini ya mashaka, mali anayoilinda ni yako.

Kielelezo ni ile saini uliyoweka ulipofungua akaunti. Kadi ile iliskaniwa, na leo karani haoni kadi bali kipande cha taswira kwenye skrini, pamoja na maelekezo ya utiaji saini: mmoja tu, wote wawili, au wawili wowote kati ya watatu. Hundi nayo, mahali pengi, haisafiri tena. Benki ya mlipwaji huipiga picha na picha hiyo ndiyo inayofika kwa benki yako. Kwa hiyo taswira inalinganishwa na taswira, na anayelinganisha mara nyingi yuko kitengo cha hundi makao makuu. Hakujui kwa sura. Kauli ya "pale tawini wote wananijua" haimfikii.

Wengi wanadhani karani anatafuta saini iliyolandana na kielelezo kama muhuri. Sivyo. Hakuna mtu anayesaini mara mbili sawasawa, na saini inayolalia juu ya kielelezo bila kutofautiana hata kidogo hutia shaka zaidi, maana huenda imefuatizwa kwa kuwekewa karatasi juu. Ukubwa wa saini si hoja kubwa pia. Kinachoangaliwa ni tabia ya mkono: kalamu imeanzia wapi, imenyanyuliwa mara ngapi, vitanzi ni vingapi na vimefungwa au viko wazi, herufi zimelalia upande gani, urefu wa herufi kubwa ukilinganishwa na ndogo, mstari wa mwisho umeishia kwa kuchomoka au kwa kusimama ghafla. Mwenye saini huandika kwa kasi, kwa hiyo mwisho wa mstari huwa mwembamba. Anayeiga huchora polepole; mstari hutetemeka, unene wake ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kalamu husimama mahali ambapo mwenyewe asingesimama.

Sasa fikiria mteja aliyefungua akaunti miaka 11 iliyopita akaandika jina lake la ukoo kamili, herufi nane, na mstari chini. Baadaye kazi ikamlazimu kusaini karatasi nyingi kwa siku, saini ikafupika hadi herufi mbili kubwa na mkwaju. Kwake ni saini ileile. Kwa karani, herufi sita hazipo na mstari wa chini haupo. Hawezi kukisia kwamba umechoka kuandika jina lote.

Sababu nyingine haihusiani na mkono wako kabisa, bali na picha. Wino hafifu hufifia zaidi hundi inapopigwa picha isiyo na rangi. Muhuri wa kampuni uliogongwa juu ya saini hugeuka doa jeusi na mistari haisomeki. Saini iliyoshuka hadi kwenye ukanda wa namba chini ya hundi huchanganyika na namba zinazosomwa na mashine. Saini iliyowekwa huku kitabu kimelazwa juu ya paja huyumba. Na kielelezo chenyewe kinaweza kuwa kibovu: kimegusa kingo za kisanduku kikakatwa wakati wa kuskaniwa, au kilichukuliwa kwa kidole au kijiti juu ya kioo, na mkono kwenye kioo huteleza kwa namna ambayo kwenye karatasi haufanyi. Ukipewa nafasi ya kuchagua, toa kielelezo kwa kalamu juu ya karatasi.

Nieleze na jambo ambalo husahauliwa mno: kubadili saini kwenye kitambulisho au pasipoti hakubadili kielelezo benki. Hata kuolewa na kubadili jina hakubadili. Benki haiarifiwi na mtu yeyote isipokuwa wewe.

Kubadili kwenyewe hufanyika kwa kufika mwenyewe tawini na kitambulisho halisi. Utajaza fomu ya maombi, na ombi hilo utalisaini kwa saini ya zamani, kwa sababu ndiyo pekee inayoonyesha kwamba anayeomba ni mwenye akaunti. Ukishindwa kuirudia, usijifunze kuichora nyumbani. Sema hivyo dirishani. Utathibitishwa kwa njia nyingine, kwa picha, alama za vidole au maswali kuhusu akaunti, na ofisa wa ngazi ya juu ataidhinisha. Kisha utaweka saini mpya mara kadhaa katika visanduku. Saini kwa kasi yako ya kila siku, si kwa adabu ya siku ya mtihani. Saini nzuri ambayo hutaiweka tena baada ya kutoka mlangoni itakurudisha hapohapo mwezi ujao.

Taja akaunti zote zinazohusika. Kielelezo kinaweza kuwa kimeunganishwa na kila akaunti peke yake, na kubadilisha cha akaunti binafsi kukaacha cha akaunti ya pamoja na mwenzi wako vilevile. Kwa akaunti ya kampuni au kikundi, fomu yako peke yake haitoshi. Benki itataka muhtasari wa kikao au azimio la bodi, lenye saini za wanaoruhusiwa, likitaja nani anaingia, nani anatoka, na maelekezo ya utiaji saini yakoje kuanzia tarehe gani. Muhtasari usio na tarehe ya kuanza hurudishwa, na tunalazimika kuurudisha mara nyingi kuliko inavyostahili.

Fomu ikishapokelewa, bado kazi haijaisha. Ofisa mmoja huskani kielelezo na kukiingiza, mwingine hukikagua na kukiidhinisha. Mpaka huyo wa pili aidhinishe, saini ya zamani ndiyo inayofanya kazi, hata kama una nakala ya fomu iliyogongwa muhuri. Uliza siku ya kuanza kutumika na subiri uthibitisho.

Hapa ndipo watu wengi huumia. Karani hulinganisha hundi na kielelezo kinachofanya kazi siku hundi inapowasilishwa, si siku ulipoiandika. Turudi kwa mteja wetu. Mwezi Januari alimpa fundi hundi namba 209, akakumbuka kuisaini kwa jina kamili kama kielelezo kilivyo. Fundi hajaipeleka benki. Tarehe 3 Machi akatoa hundi namba 214 na 215 kwa saini fupi, ya kwanza ya tarehe 10 Machi, ya pili ya tarehe 10 Aprili. Hundi 214 ikarudishwa. Tarehe 14 akabadili kielelezo, na tarehe 17 kikaidhinishwa. Hundi 215 itapita, kwa kuwa itawasilishwa wakati kielelezo kipya kinafanya kazi. Lakini 209, ambayo ilikuwa sahihi kabisa siku ilipoandikwa, sasa ndiyo itakayorudishwa.

Kinga yake ni karatasi moja. Kabla ya kujaza fomu, pitia vishina vya kitabu chako na uandike hundi zote ambazo hazijalipwa: namba, tarehe, jina la mlipwaji, kiasi, na saini ipi iko juu yake. Ambatisha orodha hiyo na uombe kwa maandishi kwamba hundi zilizotajwa zilipwe kwa kielelezo cha zamani. Benki isipokubali, waombe walipwaji warudishe hundi hizo uwaandikie nyingine. Kwa kampuni inayobadilisha watia saini, orodha hii si ya hiari hata kidogo, maana mhasibu aliyeondoka anaweza kuwa amesaini hundi za tarehe za mbele za miezi mitatu.

Na tafadhali, asitokee mtu akadhani kubadilisha watia saini, au kusaini kwa makusudi saini isiyofanana, ni njia ya kukwepa deni. Mahakama ya Juu ya India, mwaka 2012, katika kesi ya Laxmi Dyechem dhidi ya Jimbo la Gujarat, iliamua kwamba hundi iliyokataliwa kwa kutofanana kwa saini inaweza kuwa kosa la jinai sawa na ile iliyokosa fedha. Adhabu ya kosa hilo nchini humo ni kifungo kinachoweza kufika miaka miwili, au faini inayoweza kufika mara mbili ya kiasi cha hundi, au vyote viwili. Sheria za nchi hutofautiana, ila deni halifutwi na saini mbovu popote.

Hundi ikirudishwa kwa sababu hii, usiongeze saini nyingine pembeni wala juu ya ile ya kwanza. Picha itaonyesha saini mbili, na zote mbili zitatiliwa shaka. Andika hundi mpya, ibatilishe ya zamani, na mpe mlipwaji taarifa asiiwasilishe tena. Ada ya kurudishwa hutozwa kwa kila mara, na mara nyingi mlipwaji naye hutozwa na benki yake. Baada ya kubadili kielelezo, hundi ya kwanza iwe ya kiasi kidogo, uichukulie fedha mwenyewe dirishani. Ukisikia hoja yoyote kuhusu saini, itatatuliwa ukiwa umesimama pale.

Mgonjwa ambaye mkono wake sasa unatetemeka, au uliopooza, asisainiwe na mwenzi wala mtoto kwa kuigwa, hata kama ameridhia na hata kama fedha ni za matibabu yake. Saini iliyoigwa ni ya kughushi. Njia zipo: kutoa kielelezo kipya kwa mkono ulivyo sasa, kutumia alama ya dole gumba mbele ya mashahidi, au kumpa mtu hati ya uwakilishi iliyosajiliwa benki. Mwakilishi huyo husaini kwa saini yake mwenyewe, na kielelezo chake huchukuliwa kama cha mtia saini mwingine yeyote. Ikiwa mgonjwa hawezi kufika tawini, ndugu aeleze hali hiyo na kuomba ofisa amfuate alipo, akiwa na barua ya daktari.