Jua hula rangi, mafuta huyaacha

Mteja aliniletea shati jeupe la pamba na sketi ya poliesta ya rangi ya maziwa, vyote vimemwagikiwa mchuzi uleule wa migebuka: mawese na manjano ndani. Huku Kigoma madoa hayo ndiyo yanayonilisha.

Watu huyaita doa moja, kumbe ni mawili. Wekundu wa mawese ni karotini, ile ya kwenye karoti, na imeyeyuka ndani ya mafuta. Haing'ang'anii uzi yenyewe. Mafuta yakitoka, nayo hutoka. Manjano ni rangi ya kutilia nguo hasa, na pamba huinywa kama inavyokunywa rangi ya dukani. Kwa hiyo shati lilinisumbua kwa manjano, sketi kwa mafuta, maana poliesta haipendi maji lakini mafuta inayakumbatia.

Nilianza na mafuta, nguo zikiwa bado kavu. Ukitanguliza maji, sabuni haiyafikii mafuta vizuri. Nilipaka sabuni ya maji ya vyombo, nikasugua taratibu kwa vidole, nikaacha robo saa, kisha nikasuuza kwa maji ya uvuguvugu, maana kwenye maji baridi mawese huganda. Shati nilirudia mara mbili, sketi mara nne.

Nilipofua shati kwa sabuni ya mche, doa likageuka jekundu kama damu. Mteja angekuwepo angesema nimemharibia nguo. Ni manjano tu yamekutana na magadi ya sabuni. Ukisuuza vizuri na kukamulia limau kidogo, yanarudi njano.

Baada ya hapo nikaanika, doa likitazama jua, shati likiwa bichi. Mwanga huvunja rangi ya manjano haraka mno; asubuhi lilikuwa la njano, jioni unalitafuta. Karotini nayo huvunjika juani, ila polepole zaidi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaanika kabla ya kutoa mafuta, wekundu unapotea, wanafurahi, wanapiga pasi na kukunja. Jua limekula rangi tu. Mafuta yamebaki humo, hayaonekani, na hewa inayachachusha kabatini hadi yanakuwa alama ya hudhurungi yenye harufu ya uvundo. Hiyo, hasa ikishapigwa pasi, mara nyingi naikataa mlangoni.

Kwenye pamba kavu, dondosha tone la maji pale palipokuwa na doa. Likizama, mafuta yametoka. Likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, rudi kwenye sabuni. Poliesta usiipime hivyo, tone hukawia hata ikiwa safi. Ishike ubavuni mwa dirisha: penye mafuta huonekana peusi kidogo, panang'aa.

Khanga na vitenge siviweki juani kwa ajili ya doa. Jua halichagui rangi ya kula.